Kutengeneza kadi za kufunika lebo kutoka kwenye slaidi za anatomia, tukifanya mfano na mifupa minane ya kifundo cha mkono

Hii ni kwa wale wanaosoma na Anki na wana slaidi za lekcha zilizojaa michoro yenye lebo, mistari kila upande, na wanataka kila lebo iwe swali bila kukaa kuandika maswali moja moja. Kazi yenyewe ni rahisi, unaweka picha, unachora viboksi juu ya majina, Anki inakutengenezea kadi moja kwa kila kiboksi. Mtu anajifunza kuchora ndani ya dakika tano. Shida iko kwingine, kadi za namna hii ni rahisi sana kukudanganya. Unajibu vizuri kila siku, halafu ukiwekewa mfupa wenyewe mezani, au picha ya eksrei, unaganda. Manake ulichokariri ni picha, kwamba kiboksi cha tatu kutoka juu upande wa kushoto ni fulani, mfupa hukuujua kabisa. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inalenga kitu kimoja, kadi iulize kiungo na isiulize picha.

Tutatumia mchoro mmoja mwanzo mwisho. Ni ule wa mifupa ya mkono wa kulia ukiangaliwa upande wa kiganja, vidole juu, kidole gumba upande wako wa kulia. Kila anayesoma anatomia amekutana nao. Tuseme slaidi ina lebo 15: mifupa minane ya kifundo, metakapali tano, na chini kabisa radiasi na ulna.

Kutoa picha kwenye slaidi

Kama lekchara amekupa faili la PowerPoint lenyewe, umebahatika, manake mara nyingi lebo ni viboksi vya maandishi vilivyowekwa juu ya picha, unaweza kuvisogeza. Tutaona baadaye kwa nini hilo lina faida. Ukitaka mchoro mzima pamoja na lebo zake, chagua vyote, bofya kulia, "Save as Picture", chagua PNG.

Kama ni PDF, wengi wanapiga skrinshoti tu na inatosha, ila kuza kwanza. Skrinshoti ukiwa umeona ukurasa mzima kwenye skrini ndogo inatoka na maandishi yenye ukungu, halafu ukija kuirudia kwenye simu mistari myembamba ya lebo haionekani inaishia wapi, na kwenye mifupa midogo ka hii ncha ya mstari ndiyo swali lenyewe. Kuza hadi mchoro ujaze skrini, halafu Win+Shift+S kwa Windows au Cmd+Ctrl+Shift+4 kwa Mac, unaburuta kuzunguka mchoro, picha inakaa kwenye ubao wa kunakili tayari kupesti.

Kwa wanaopenda amri, hii inageuza slaidi ya 12 kuwa picha safi, unahitaji kuwa na Poppler kwenye kompyuta:

```
pdftoppm -r 200 -f 12 -l 12 -png lekcha.pdf mkono
```

Hiyo `-r 200` ndiyo ubora wa picha, ukiona bado kuna ukungu panda hadi 300.

Wakati wa kukropu, kata kichwa cha slaidi na maelezo ya pembeni. Watu wanaacha kichwa halafu kinasema "Scaphoid fractures" kwa herufi kubwa huku wao wamefunika neno hilohilo sentimita mbili chini yake. Vilevile angalia maelezo madogo chini ya mchoro, huwa yanataja majina tena. Lakini usikate kila kitu hadi zikabaki zile punje nane tu za mifupa zinaelea, acha miisho ya radiasi na ulna ionekane na acha mizizi ya metakapali, kwa sababu mfupa wa kifundo unautambua kwa majirani zake.

Kuamua lebo zipi zifunikwe

Hapa ndipo watu wanapokosea mapema, wanaona lebo 15 wanafunika 15. Metakapali zimehesabiwa moja hadi tano kuanzia kidole gumba, ukishaijua kanuni hiyo hakuna cha kukariri, kadi tano zote zinakuuliza uhesabu vidole. Radiasi na ulna nazo ulishazijua tangu wiki ya kwanza. Ukizifunika umejiongezea kadi saba za kurudia miezi na miezi bila faida, na baya zaidi umejinyima alama za kukuelekeza.

Kwa hiyo hizo saba ziache wazi. Radiasi iliyo wazi inakuambia upande wa gumba uko wapi bila kubahatisha, na hivo ndivo ilivyo hata mbele ya mkono halisi, hakuna anayekuonyesha mfupa wa kifundo bila mkono kuwepo. Kinachofunikwa ni nane: skafoidi, lunati, trikwetrumu na pisifomu kwenye safu ya upande wa kiwiko, halafu trapeziamu, trapezoidi, kapitati na hamati kwenye safu ya karibu na vidole, hapo nimezitaja kuanzia upande wa gumba kwenda upande wa kidole cha mwisho.

Kipimo changu ni hiki, kabla ya kufunika lebo jiulize kama kuna mtu ataweka pini pale aulize hiki ni nini. Kama hapana, iache.

Kuchora viboksi

Angalia toleo la Anki yako kwanza. Kuanzia toleo la 23.10 kufunika picha kumo ndani ya programu yenyewe. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaongeza kiambatisho kinaitwa Image Occlusion Enhanced, na bado utakuta video nyingi za zamani zinaelekeza hivo, zipite tu, boresha Anki yako.

Bofya "Add", kwenye aina ya noti chagua "Image Occlusion", halafu chagua faili la picha au pesti ile iliyo kwenye ubao wa kunakili. Picha inafunguka na vifaa vya kuchorea viko pembeni: mstatili, duara, umbo la pembe nyingi, maandishi. Kwa lebo mstatili unatosha karibu kila mara.

Usianze na lebo ya kwanza unayoiona. Anza na ndefu kuliko zote. Kwenye mchoro wetu ni "Triquetrum", herufi kumi. Chora mstatili unaoifunika yote na ubaki na nafasi kidogo pande zote, halafu kinakili hicho kiboksi mara saba na uburute kila nakala juu ya lebo nyingine. Sababu ni kwamba ukichora kila kimoja kwa kukadiria neno lake, "Lunate" na "Hamate" zitapata viboksi vifupi, "Triquetrum" itapata kirefu, na ndani ya siku chache utakuwa unajibu kwa kuangalia urefu wa kiboksi bila hata kufuata mstari unaenda wapi. Hutagundua kama unafanya hivo, ndo ubaya wake. Viboksi vikilingana hiyo njia ya mkato inazibwa.

Halafu kuza picha uangalie kingo. Mkia wa "p" unaojitokeza chini ya kiboksi unatosha kabisa kukuambia kwamba hiyo ni moja kati ya zile zenye "p", na kwa nane tu hizo si nyingi. Kuna kitufe cha kufanya viboksi vionekane nusu, kiwashe wakati wa kupanga ili uone neno liko katikati, ukimaliza kizime.

Mstari wa lebo usiufunike, na ncha yake usiiguse kabisa. Ukifunika neno na mstari wote, kadi inabaki na kiboksi pembeni kisichoelekeza popote. Kuna michoro mingine lebo imeandikwa juu ya mfupa wenyewe, hapo funika maandishi tu na uache umbo la mfupa lionekane kadri inavyowezekana, manake umbo ndo utakalokutana nalo kwenye mfupa halisi. Ukiweka duara juu ya lunati nzima umefuta ule mwezi mchanga wake na kadi sasa inauliza duara liko wapi.

Sehemu ngumu ya mchoro huu ni pisifomu. Ni kamfupa kadogo kanakokaa mbele ya trikwetrumu, kwa hiyo upande wa kiganja unakaona kamelala juu yake na mistari ya lebo zao mbili inaishia karibukaribu. Ukiona huwezi kutofautisha mstari upi umeishia kwenye kipi basi kadi zote mbili zitakuwa za kubahatisha, leo unajibu hivi kesho vile, na Anki itahesabu kwamba umesahau wakati mchoro ndo mbovu. Kama una faili la PowerPoint rudi kule, sogeza ncha ya mstari wa trikwetrumu iingie kwenye ile sehemu yake isiyofunikwa na pisifomu, hifadhi picha upya. Kama una PDF tu, fungua skrinshoti kwenye programu yoyote ya kuchora uweke kadoti ka rangi kali kwenye kila mfupa wa hiyo jozi. Inachukua dakika mbili.

Kuna na hili la kiboksi kilichopanuliwa kugusa mstari wa jirani. Kwenye michoro iliyobana, ukivilinganisha vyote kwa "Triquetrum" kimoja kinaweza kukata mstari wa lebo ya chini yake. Usikifupishe hicho peke yake, punguza urefu wa juu-chini wa viboksi vyote, au zisogeze lebo zenyewe kama faili linaruhusu.

Hide All au Hide One

Juu kwenye kihariri kuna sehemu ya kuchagua kati ya "Hide All, Guess One" na "Hide One, Guess One". Kwa ya kwanza viboksi vyote vinabaki vimefunika na kile kinachoulizwa kinapewa rangi tofauti. Kwa ya pili kinafunikwa kile kimoja tu, lebo nyingine zote zinasomeka.

Kwa mifupa hii minane chagua "Hide All". Fikiria hiyo nyingine ingekuwaje: majina saba yapo wazi mbele yako, na orodha ya minane unaijua kichwani, sasa kinachobaki ni kutafuta jina ambalo halipo. Hiyo ni hesabu ya kutoa. Utajibu sahihi hata kama hujawahi kuangalia mfupa. Hii inatokea kwa kitu chochote chenye orodha fupi iliyofungwa, mifupa ya kifundo cha mguu, matundu ya neva chini ya fuvu, matawi ya upinde wa aota.

"Hide One" ina mahali pake ambapo majirani ni sehemu ya swali. Kwa mfano mchoro wa mtandao wa neva za bega, wenye mizizi, vigogo, migawanyiko, kamba na matawi, ukificha vyote unabaki na mistari inayopishana tu huelewi uko wapi. Pale kuacha mizizi wazi na kuuliza kigogo kinachotokana nayo ni swali halali, manake kujua kinatoka wapi ndo elimu yenyewe. Na mchoro wa ukubwa huo ugawe, noti moja ya mizizi na vigogo, nyingine ya kamba na matawi. Usiweke viboksi thelathini juu ya picha moja.

Ukiwa kwenye "Hide All" unapojibu kinafunuka kile kimoja, vingine vinabaki. Kuna kitufe cha "Toggle Masks" kwenye kadi kinachofunua vyote, kibonyeze baada ya kujibu tu, uangalie majirani, uendelee.

Header na Back Extra

Kwenye "Header" andika mwelekeo wa picha na basi: "Mkono wa kulia, upande wa kiganja". Bila hiyo siku ukiwa na michoro ya mikono yote miwili na pande zote mbili utachanganyikiwa bila sababu.

"Back Extra" ina mtego wake. Maelezo unayoweka pale yanatokea nyuma ya kadi zote nane za noti hiyo, hayafungwi na kiboksi kimoja. Sasa mtu anaandika pale kwamba skafoidi ndiyo inayovunjika zaidi kati ya mifupa ya kifundo, na damu yake nyingi inaingilia upande wa vidole kwa hiyo ikivunjika kipande cha upande wa kiwiko kinaweza kufa kwa kukosa damu, ni kweli kabisa na ni muhimu kwa kliniki, lakini sasa anayasoma maneno hayo kila anapojibu kuhusu hamati. Baada ya muda macho yanajifunza kuruka hiyo sehemu yote. Pale weka kitu kinachohusu picha nzima, kwa mfano mstari mmoja wa majirani: safu ya vidole kuanzia gumba, trapeziamu inabeba metakapali ya kwanza, trapezoidi ya pili, kapitati ya tatu, hamati ya nne na ya tano. Mambo ya skafoidi yatengenezee kadi ya kawaida ya maandishi, swali "skafoidi ikivunjika katikati, kipande kipi kiko hatarini na kwa nini".

Ndugu wa noti moja

Kadi nane zinazotoka kwenye picha moja Anki inaziita ndugu. Usipogusa mipangilio, zinaweza kukujia siku moja, zikifuatana, na hapo unaanza kujibu kwa kukumbuka kilichofunuka sekunde thelathini zilizopita. Umeshaona kapitati, umeshaona hamati, basi hii lazima ni ile nyingine. Hata "Hide All" haikuokoi na hili.

Nenda kwenye mipangilio ya deki, sehemu ya "Burying". Kuna "Bury new siblings" na "Bury review siblings". Hiyo ya marudio iwashe na uiache hivo siku zote, inasukuma ndugu hadi kesho yake ukishaona mmoja leo. Hiyo ya kadi mpya ifikirie kidogo, manake ukiiwasha utapata kadi mpya moja tu kwa siku kutoka kwenye kila picha, yaani picha yetu ya viboksi nane inachukua siku nane mpaka kadi zote ziwe zimeanza. Kama muhula ndo umeanza na una picha kumi, ni sawa kabisa, kila siku unachukua kimoja kwenye kila picha na vinachanganyika vizuri. Kama mtihani ni wiki ijayo izime, kubali kwamba siku ya kwanza itakuwa rahisi kwa udanganyifu, na hukumu ya kweli isubiri marudio ya siku zinazofuata.

Watu wengi hapa wanalalamika kwamba Anki "imeficha" kadi zao, wametengeneza 80 wanaona 10. Hazijapotea, ni hii.

Picha ya pili

Hii hatua wengi hawaifiki na mimi naiona ndo yenye uzito kuliko zote. Mchoro mmoja hata ukiuchora vizuri namna gani una alama zake: rangi alizotumia mchoraji, mpangilio wa lebo pembeni, ule mstari mmoja uliopinda. Ubongo unashika hizo kwanza kwa sababu ni rahisi kuliko umbo la trapezoidi. Dalili yake ni kwamba unajibu kabla macho hayajafika kwenye mfupa, unaangalia kiboksi kiko wapi jina linatoka.

Dawa ni kuongeza picha nyingine ya mifupa hiyohiyo. Kwanza upande wa nyuma wa mkono, slaidi nyingi zinao. Kule pisifomu imefichwa nyuma ya trikwetrumu kwa hiyo usitegemee kuwa na viboksi nane, na gumba linahamia upande wa pili. Halafu eksrei ya mkono kama lekchara ameiweka. Kwenye eksrei hakuna rangi, pisifomu na trikwetrumu zinapandana, trapeziamu na trapezoidi nazo zinapandana kidogo, na hapo ndo utajua kama unaijua kapitati kwa ukubwa wake na kukaa kwake katikati au ulikuwa unajua ile rangi ya kijani tu. Kwenye eksrei mara nyingi hakuna lebo za kufunika, basi unachora kaduara kadogo kwenye kila mfupa, kasifunike kingo zake, na jina unaliandika mwenyewe pembeni, yote kwa programu ya kuchora kabla ya kuileta picha Anki, au unaweka lebo na mistari kwenye PowerPoint kwanza halafu unahifadhi picha. Hiyo ya pili ni safi zaidi.

Kama huna picha ya pili, geuza hiyohiyo kulia-kushoto kwenye programu ya picha kabla ya kuweka lebo, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto na ni mkono halali kabisa. Ila hii ni kwa mikono, miguu na vitu vyenye jozi inayofanana. Usifanye kwa moyo, ini, tumbo wala mapafu, manake utakuwa unajifunza mwili ambao ini liko kushoto, na pafu lenye sehemu tatu utalihamishia upande usio wake. Na ukigeuza picha yenye lebo tayari, maandishi nayo yanageuka, ndo maana nimesema kabla ya kuweka lebo.

Kadi za kufunika zinakuuliza upande mmoja tu, unaona mahali unataja jina. Mtihani unaweza kukuuliza kinyume. Kwa hiyo kwa kila mfupa unaokusumbua ongeza kadi moja ya maandishi ya majirani: "Lunati inapakana na nini upande wa kiwiko, upande wa gumba, upande wa kidole cha mwisho na upande wa vidole?" Jibu, radiasi, skafoidi, trikwetrumu, kapitati. Mtu anayejibu hiyo bila picha anaijua lunati. Usifanye kwa yote nane, fanya kwa mbili tatu zinazokusumbua.

Kurekebisha baadaye

Baada ya wiki mbili hivi utaona kadi zinazokataa. Kwa mchoro huu ni karibu lazima ziwe trapeziamu na trapezoidi, majina yanafanana na zimekaa bega kwa bega. Anki ikiona umeshindwa kadi mara nane inaiwekea alama ya "leech". Ukiiona usiendelee kuibonyeza "Again" ukitumaini siku moja itaingia, ile kadi haikuambii tofauti, inakuambia tu umekosa. Isimamishe kwa muda, tengeneza kadi ya maandishi inayouliza tofauti moja kwa moja: "Kati ya trapeziamu na trapezoidi, ipi inabeba kidole gumba?" Ni trapeziamu. Ikishakaa, irudishe ile ya picha.

Ukitaka kurekebisha viboksi, fungua noti kwenye "Browse", vinaonekana tena juu ya picha. Kusogeza au kupanua kiboksi hakuharibu historia ya kadi yake. Ukiongeza kiboksi kipya inazaliwa kadi mpya na zile za zamani zinabaki zilivyo. Ukifuta kiboksi, kadi yake inabaki tupu bila kujifuta yenyewe, kwa hiyo nenda "Tools", "Empty Cards", uangalie orodha kabla ya kukubali. Ukitaka lebo mbili ziulizwe pamoja kama swali moja, zichague zote uzifanye kundi, zitatoka kwenye kadi moja. Kwa mifupa hii hakuna haja, ila kwenye mchoro wa mkato wa handaki la kapali ambapo kano nne za msuli mmoja zina lebo nne zenye jina lilelile, kundi linakuokoa na kadi tatu za bure.

Kuchora kwa simu inawezekana lakini kidole kinaziba ncha ya mstari na kulinganisha viboksi ni kero, mi nachora kwa kompyuta simu inabaki ya kurudia tu. Na kabla hujapandisha deki yako mtandaoni kwa kila mtu, muulize lekchara, michoro mingi ya kwenye slaidi ametoa kwenye vitabu vyenye hakimiliki.